Kwa Nini Seramu ya Vitamini C Hugeuka Rangi ya Chai

Siku inapofunguliwa, seramu ya vitamini C huwa angavu kama maji, au huwa na umanjano hafifu ambao mtu huuona tu akiiweka chupa mbele ya karatasi nyeupe. Wiki kadhaa baadaye, chupa ikiwa bado haijafika nusu, kilichomo ndani kimekuwa kama chai ya rangi. Wapo wanaodhani kwamba sasa ndiyo imekolea na itafanya kazi zaidi. Wapo wanaodhani wameuziwa bidhaa bandia. Walio wengi huendelea kuipaka asubuhi kwa asubuhi, kwa sababu imewatoka fedha nyingi na hawaoni sababu ya kuimwaga.

Chanzo cha mabadiliko hayo ni sifa ileile inayoipa vitamini C thamani yake. Vitamini hii ni wepesi wa kutoa elektroni zake kwa kemikali nyingine. Ikiwa ndani ya ngozi, huzitoa ili kuzituliza chembe haribifu zinazozalishwa na miale ya jua na kupunguza utengenezaji wa rangi nyeusi ya ziada. Ikiwa bado ndani ya chupa, huzitoa kwa oksijeni ya hewa. Kwa vyovyote vile itatumika na kuisha. Kinachomhusu mnunuzi ni iishie wapi: usoni mwake au rafuni.

Doa jeusi linavyotokea

Rangi ya ngozi hutokana na melanini, ambayo hutengenezwa na seli maalumu zilizo chini ya tabaka la juu la ngozi. Chunusi inapopona, mbu anapouma, wembe unapokwaruza kidevu au jua linapopiga mashavu siku nenda siku rudi, seli hizo hushtuka na kutengeneza melanini kupita kiasi mahali palepale palipoumizwa. Ndiyo maana chunusi hupona kwa siku chache lakini doa lake likabaki kwa miezi. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde hupata madoa ya aina hii kwa urahisi zaidi kuliko ngozi nyeupe. Wanawake wengi pia hupata mabaka ya kahawia kwenye paji la uso na mashavuni wakati wa ujauzito au wanapotumia dawa za uzazi wa mpango zenye homoni. Madaktari huyaita melasma.

Kimeng'enya kinachoendesha utengenezaji wa melanini kinaitwa tairosinasi, na ndani yake mna shaba. Vitamini C hukikwaza kimeng'enya hicho kwenye shaba yake, kisha huirudisha nyuma sehemu ya malighafi iliyokuwa njiani kuwa melanini. Melanini iliyokwisha kutengenezwa haifutiki kwa njia hiyo. Hubaki mpaka seli za juu zichakae na kupukutika zenyewe, na hapo ndipo ngozi mpya yenye rangi iliyotulia inapojitokeza. Kwa sababu hiyo matokeo huhesabiwa kwa wiki 8 hadi 12, na mtu anayeahidiwa mabadiliko ya siku 7 anadanganywa.

Swali ambalo wengi huliuliza kwa sauti ya chini ni kama seramu hii humfanya mtu kuwa mweupe. Utafiti uliofanyika Japani na kuchapishwa mwaka 1996 unatoa jibu zuri. Watafiti walitumia krimu yenye asilimia 10 ya aina mojawapo ya vitamini C iliyoimarishwa. Kati ya wagonjwa 34 waliokuwa na melasma au madoa ya uzee, 19 walipata nafuu iliyoonekana wazi. Kati ya watu 25 waliokuwa na ngozi ya kawaida isiyo na madoa, ni 3 tu walioonekana kuwa na mabadiliko ya rangi. Kwa lugha nyepesi, dawa ilishughulika na weusi uliozidi, na rangi ya kuzaliwa ikabaki ilivyo kwa karibu wote.

Hapo ndipo seramu inapotengana na mkorogo. Krimu za kujichubua hutegemea zaidi zebaki, hidrokwinoni au steroidi kali, na Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni. Zebaki huharibu figo. Hidrokwinoni, ambayo daktari anaweza kuitoa kwa kipimo na kwa muda maalumu, ikitumika kiholela kwa muda mrefu huweza kuacha weusi wa kibuluu usoni ambao ni vigumu sana kuutoa.

Vitamini C haiwezi kushindana na hidrokwinoni kwa nguvu, na ni haki mnunuzi alijue hilo kabla hajatoa fedha zake. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya wanawake 16 wenye melasma ambao kwa wiki 16 walipaka hidrokwinoni ya asilimia 4 upande mmoja wa uso na vitamini C ya asilimia 5 upande wa pili. Upande wa hidrokwinoni, asilimia 93 walipata matokeo mazuri au mazuri sana; upande wa vitamini C walikuwa asilimia 62.5. Lakini muwasho na madhara mengine yalijitokeza kwa asilimia 68.7 upande wa hidrokwinoni, na upande wa vitamini C kwa asilimia 6.25, yaani mwanamke mmoja tu kati ya wote 16. Mwenye kuchagua vitamini C amechagua mwendo wa polepole wenye maudhi machache.

Kinachotokea ndani ya chupa

Vitamini C halisi, ile iliyomo kwenye mapera na ubuyu, kwa jina la kikemia ni asidi askobiki. Ikiwa unga mkavu ndani ya chombo kilichofungwa vizuri hudumu muda mrefu bila shida. Matatizo huanza inapoyeyushwa katika maji, na seramu nyingi zimetengenezwa kwa maji.

Hatua ya kwanza, oksijeni iliyomo kwenye maji na katika hewa ya juu ya chupa huichukulia asidi askobiki elektroni zake, nayo ikageuka kuwa asidi dihidroaskobiki. Ni tukio la jamii moja na chuma kupata kutu. Katika hatua hii uharibifu bado si wa kudumu, kwa sababu seli za mwili zina uwezo wa kuirudisha asidi hiyo kuwa vitamini C tena.

Hatua ya pili ndiyo isiyorudi nyuma. Maji huivunja ile pete ya molekuli na kuzaa kemikali nyingine ambayo haiwezi tena kuitwa vitamini. Kutoka hapo kuna mpasuko baada ya mpasuko, mpaka vibaki vipande vidogo vidogo. Vipande hivyo hushikana upya kuwa kemikali za rangi ya manjano, ya chungwa, na hatimaye kahawia. Kwa hiyo kahawia anayoiona mtumiaji ni mabaki ya vitamini iliyokwisha kuvunjika.

Kati ya mabaki hayo imo sukari ndogo iitwayo erithrulosi. Watengenezaji wa losheni za kujipaka rangi ya jua bila kukaa juani huitumia makusudi, kwa sababu hushikana na protini za tabaka la juu la ngozi na kulitia rangi ya kahawia. Hiyo ndiyo sababu mtu anayepaka seramu iliyoharibika anaweza kuona viganja vyake vimekuwa na umanjano, nyusi zimezungukwa na kivuli, au foronya nyeupe ina alama za uso. Amenunua dawa ya kupunguza madoa, na kila siku anajitia rangi.

Mambo manne huharakisha safari hiyo: hewa, mwanga, joto na madini ya chuma au shaba, hata yakiwa kidogo mno. Joto ndilo linalotugusa zaidi sisi tunaoishi karibu na ikweta. Wakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya mmenyuko hukaribia kuongezeka maradufu. Chupa iliyo ndani ya friji yenye nyuzi 5 na chupa iliyo bafuni Dar es Salaam au Mombasa kwenye nyuzi 32 zimetofautiana kwa nyuzi 27. Kwa kanuni hiyo, ile ya bafuni inaharibika kwa kasi ya zaidi ya mara sita.

Kuisoma rangi

Umanjano hafifu, kama wa majani makavu, si sababu ya kuitupa chupa. Seramu nyingine huwa hivyo tangu kiwandani kwa sababu ya asidi feruliki iliyochanganywa ndani yake, na hata pale ambapo uharibifu umeanza, sehemu kubwa ya vitamini bado ipo.

Ikifika rangi ya chungwa au ya asali, nguvu imepungua vya kutosha kumfanya mtumiaji asitarajie mengi. Ikiwa kahawia, au ikianza kutoa harufu ya sukari iliyoungua ambayo haikuwapo mwanzoni, imekwisha. Si sumu, ila haina tena kazi iliyonunuliwa kuifanya, na ngozi laini huweza kuwashwa nayo.

Macho pekee hayatoshi kwa bidhaa zote. Kuna seramu zinazotiwa rangi ya chungwa tangu mwanzo, kwa mafuta ya matunda au kwa rangi ya kutengenezwa, kwa sababu watu huihusisha vitamini C na machungwa. Seramu ya namna hiyo inaweza kuharibika bila mtu kutambua. Na kwenye chupa nyeusi hakuna kinachoonekana kabisa mpaka mtu adondoshe tone moja juu ya karatasi nyeupe au kijiko cheupe. Njia nzuri ni kudondosha tone siku ile chupa inapofunguliwa, kupiga picha kwa simu mchana mahali penye mwanga, kisha kurudia kila baada ya wiki mbili mahali palepale na kulinganisha. Jicho husahau rangi ya mwezi uliopita, picha haisahau.

Aina ipi inunuliwe

Mwaka 2001, daktari wa ngozi Sheldon Pinnell wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha majaribio yaliyokuja kuwa msingi wa seramu nyingi za asidi askobiki. Walipima kiasi cha vitamini C kilichopenya kwenye ngozi ya nguruwe, ambayo hufanana na ya binadamu kwa mambo mengi. Walikuta kwamba asidi askobiki hupenya vizuri pale tu seramu inapokuwa kali kama maji ya limau, yaani pH yake iwe chini ya 3.5. Walikuta pia kwamba kupenya huongezeka mpaka asilimia 20, na zaidi ya hapo hupungua. Seramu ya asilimia 30 inayouzwa kwa bei ya juu inamwongezea mnunuzi muwasho na kumpunguzia mfuko.

Uchachu huo una faida ya pili, kwa kuwa asidi askobiki hushambuliwa na oksijeni polepole zaidi ikiwa kwenye maji makali. Mwaka 2005 timu hiyohiyo ya Duke ilionyesha kwamba mchanganyiko wa asilimia 15 ya asidi askobiki, asilimia 1 ya vitamini E na asilimia 0.5 ya asidi feruliki hudumu vizuri zaidi kuliko bila feruliki, na kinga yake dhidi ya madhara ya jua kwenye ngozi iliongezeka maradufu. Kwa anayetaka asidi askobiki halisi, hiyo ndiyo seramu ya kutafuta: kati ya asilimia 10 na 15, ikiwa na vitamini E na feruliki ndani yake.

Njia nyingine ni kutumia vitamini C iliyofungwa. Wakemia hukifunga kile kipande cha molekuli ambacho ni mwepesi wa kushambuliwa, kwa kukiunganisha na fosfeti, glukosi au kikundi cha ethili. Kufuli hilo huizuia oksijeni. Seramu inapoingia kwenye ngozi, vimeng'enya hulifungua kufuli na kuiachilia vitamini C taratibu. Zilizo maarufu madukani ni fosfeti mbili za vitamini C, ya sodiamu na ya magnesiamu, ambazo mara nyingi hutajwa kwa vifupisho SAP na MAP, pamoja na aina ya glukosi na ile ya ethili. Hizi hazihitaji ukali wa limau. Fosfeti zote mbili hupenda pH inayokaribia 7, kwa hiyo hazichomi ngozi, na rangi yake hukaa muda mrefu bila kubadilika.

Bei ya utulivu huo ni kwamba ushahidi wake ni mdogo kuliko wa asidi askobiki. Katika majaribio ya Pinnell, MAP haikuongeza vitamini C ndani ya ngozi ya nguruwe kwa kiasi cha kuonekana. Lakini MAP hiyohiyo ndiyo iliyotumika katika utafiti wa Japani uliowapa nafuu wagonjwa 19 kati ya 34. Picha inayopatikana ni ya dawa inayosaidia baadhi ya watu, kwa upole, bila uhakika wa kumfaa kila mmoja.

Uamuzi basi unategemea nyumba ya mtumiaji kuliko ukubwa wa jina lililoandikwa kwenye boksi. Mwenye friji yenye umeme wa uhakika, ngozi isiyowashwa ovyo na nidhamu ya kupaka kila siku, atafaidi zaidi kwa asidi askobiki. Mwenye ngozi laini, au anayeishi kwenye joto bila friji, au anayepaka leo na kusahau siku tatu, achukue SAP, MAP au aina ya ethili. Asidi askobiki bora iliyokufa chupani haiwezi kuizidi SAP ya wastani iliyo hai.

Chombo nacho kina sauti yake. Chupa ya kioo cheupe yenye mpira wa kudondoshea matone ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hupitisha mwanga, na kila inapofunguliwa huvuta hewa mpya. Kioo cheusi au cha kahawia ni nafuu. Bora zaidi ni chupa ya pampu isiyorudisha hewa ndani au tyubu ya alumini. Seramu za unga unaochanganywa na maji yake siku ya kuanza kutumia nazo ni chaguo zuri, kwani saa ya uharibifu huanza kuhesabu nyumbani kwa mteja badala ya kuanzia kiwandani. Na chupa iliyopangwa mbele ya meza barabarani, ikipigwa jua kutwa, isinunuliwe hata kama muhuri wake haujakatwa.

Hesabu ya matone

Tuchukue mfano wa dada anayeishi Dar es Salaam, mwenye madoa ya chunusi mashavuni. Amenunua chupa ya mililita 30 yenye asidi askobiki ya asilimia 15, kioo cheupe, mpira wa matone. Anaiweka kwenye rafu ya bafuni na hupaka usoni matone manne kila asubuhi.

Tone moja lina karibu mililita 0.05. Matone manne ni mililita 0.2 kwa siku. Ukigawanya 30 kwa 0.2 unapata siku 150, yaani miezi mitano. Asidi askobiki kwenye maji, ikishafunguliwa na kukaa bafuni kwa joto la Dar es Salaam, haiwezi kubaki na nguvu kwa miezi mitano. Kufikia mwezi wa pili tayari ni ya rangi ya asali. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya fedha zake imelipia maji ya kahawia, na mbaya zaidi, nguvu inamwishia katika kipindi kilekile cha wiki 8 hadi 12 ambacho madoa yake yalipaswa kuanza kufifia. Atasema vitamini C haimfai, kumbe hakuwahi kuijaribu kwa muda unaotosha.

Dada huyohuyo angenunua chupa ya mililita 15, matone manne yangemtosha siku 75. Angeiweka kwenye friji, mbali na mlango, ndani ya boksi lake, na angeandika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu ya lebo. Angefunga kifuniko papo hapo bila kuiacha wazi wakati anajipaka. Asingeligusisha ngozi dondosheo, kwa sababu vidole hubeba uchafu na chumvi za jasho. Kama hataki kukosesha shingo, ambayo mara nyingi husahaulika na kubaki nyeusi kuliko uso, angetumia matone manane na kununua ile ya mililita 30, nayo ingemwishia siku zilezile 75. Ukubwa wa chupa unaofaa ni ule unaoweza kumalizika ndani ya miezi miwili au mitatu.

Kwenye boksi la vipodozi huwa pia kuna mchoro mdogo wa kopo lililo wazi, ndani yake pakiwa na namba kama 3M, 6M au 12M. Hiyo ni idadi ya miezi ambayo mtengenezaji anaitambua bidhaa yake kuwa salama baada ya kufunguliwa. Asidi askobiki yenye alama ya 12M isichukuliwe kama ahadi ya nguvu ya mwaka mzima. Rangi ya tone kwenye karatasi ndiyo isikilizwe kwanza.

Ndimu na vidonge vya dukani

Kwa kuwa seramu ni ghali, ushauri wa kupaka ndimu au limau usoni haujawahi kukauka mitaani. Hesabu yake haisimami. Gramu 100 za juisi ya limau zina miligramu zipatazo 40 hadi 50 za vitamini C, ambayo ni kama asilimia 0.05. Seramu ya asilimia 10 ina vitamini mara 200 ya hiyo. Kinachochoma usoni mtu anapojipaka limau ni asidi sitriki.

Ndimu ina hatari yake nyingine. Ganda na maji yake yana kemikali zinazoifanya ngozi iungue inapokutana na jua. Aliyejipaka ndimu kisha akatoka nje anaweza kupata malengelenge, na yakipona huacha madoa meusi yanayokaa miezi. Anayeponda vidonge vya vitamini C na kuvichanganya na marashi ya waridi naye anajisumbua. Vidonge vina sukari, rangi na viunganishi, mchanganyiko hauna kipimo cha uchachu, na maji ya bomba au kisima huleta madini ya chuma yanayoiharibu vitamini ndani ya muda mfupi.

Saa ya kupaka

Asubuhi ndiyo saa yenye sababu nyingi. Mionzi ya jua huzalisha chembe haribifu ndani ya ngozi, na hata krimu nzuri ya kujikinga na jua haizuii mionzi yote. Vitamini C iliyokwisha kupenya huzidaka zile zilizoponyoka. Mtu hunawa uso kwa sabuni laini, hujikausha vizuri, hupaka seramu, husubiri dakika chache ikauke, hupaka mafuta au losheni yake ya kawaida, kisha humalizia na krimu ya jua yenye SPF 30 au zaidi.

Hatua hiyo ya mwisho haina mbadala. Seramu si kinga ya jua, na bila kinga jua litatengeneza kila siku madoa ambayo seramu inahangaika kuyapunguza. Kwa ngozi nyeusi liko jambo la ziada: mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, licha ya ule wa urujuanimno, nao huweza kuzidisha weusi wa madoa. Krimu za jua zisizo na rangi hazizuii mwanga huo vya kutosha. Zenye rangi ya ngozi, ambazo hupata rangi yake kutokana na oksaidi za chuma, huuzuia vizuri zaidi, na kwa mwenye melasma tofauti hiyo huonekana.

Aliyesahau asubuhi anaweza kupaka usiku. Pinnell alipima kwamba ngozi hushiba baada ya kupakwa siku tatu mfululizo, na vitamini iliyokwisha kuingia hupungua kwa nusu baada ya siku nne hivi. Kuruka siku moja hakuvurugi chochote. Hakuna faida pia ya kupaka mara tatu kwa siku kwa haraka ya harusi iliyo karibu.

Kuna vitu visivyowekwa pamoja nayo kwa wakati mmoja. Benzoili peroksaidi ya kutibu chunusi ni kemikali ya kuoksidisha, na huiharibu vitamini C papo hapo usoni. Moja ipakwe asubuhi na nyingine usiku. Retino nayo ni ya usiku, hasa kwa sababu kuiweka juu ya seramu kali huongeza ukavu na kubabuka. Wanaume wanaonyoa ndevu wasipake mara tu baada ya wembe, kwani ngozi iliyokwaruzwa huchomwa sana na uchachu wake, na muwasho huo huweza kuzaa doa jipya mahali pa lile la zamani.

Anayeanza ajaribu kwanza tone moja nyuma ya sikio au ndani ya mkono, jioni tatu mfululizo. Mchonyoto wa dakika moja kwa asidi askobiki ni wa kawaida. Wekundu, uvimbe au muwasho unaobaki mpaka kesho yake ni ishara ya kuacha na kuhamia aina iliyofungwa, au kwenye niasinamaidi, ambayo ni vitamini B3. Hiyo haibadiliki kahawia, haihitaji friji, na hufanya kazi kwa njia nyingine: huzuia melanini iliyotengenezwa isihamie kwenye seli za juu za ngozi. Kwa asilimia 4 au 5 inatosha watu wengi, na kwa familia isiyo na friji pengine ndiyo inayostahili kununuliwa kwanza.

Ikifika wiki ya 12, mtumiaji apige picha ya uso katika mwanga uleule wa siku ya kwanza na kuzilinganisha. Doa lililofifia linastahili chupa ya pili. Doa lililobaki vilevile licha ya seramu nzima na krimu ya jua ya kila siku, au linalopanuka, kubadilika umbo au kuinuka juu ya ngozi, lipelekwe kwa daktari wa ngozi. Na chupa iliyoko nyumbani leo, msomaji, idondoshee tone moja kwenye karatasi nyeupe kabla hujajipaka kesho asubuhi. Ikitoka kahawia, imwage.